Picha ya profaili ya kutafuta kazi: uediti mpaka wapi? Maswali ya dada mmoja wa Kisumu na majibu yangu

Hii nimeandika kwa sababu nimechoka kujibu kitu kimoja mara kumi kwa wiki. Mtu anaingia studio, anakaa kwa kiti, kabla sijawasha hata taa ananiuliza, kaka, hii utanitoa? Anashika shavu. Au ananitumia picha WhatsApp saa tano usiku, ati mwajiri akiona nimeediti atajua? Wiki jana dada mmoja wa Manyatta anayetafuta kazi ya risepsheni alinitumia maswali mfululizo pamoja na picha yenyewe, na kwa sababu maswali yake ni yale yale ya kila mtu, nimemwomba ruhusa nitumie kazi yake kama mfano. Jina lake halipo hapa, picha pia haipo, lakini nitakwambia kila nilichogusa na kila nilichokataa kugusa.

Mimi nina studio ndogo na saiba hapa upande wa Kondele. Kabla ya hapo nilikaa miaka minne Nakuru nikisaidia ofisi ya ajira ya hoteli moja, mimi ndio nilikuwa napanga mafaili ya watu wa intavyuu, kwa hivyo hii maneno nimeiona nikiwa pande zote mbili za meza.

Swali lake la kwanza lilikuwa: "Kaka, kwani waajiri wanakubali kuediti kiasi gani?"

Jibu ni hili. Mwanga, rangi ya ukuta, jinsi picha imekatwa, na kitu ambacho kitakuwa kimeisha usoni mwako kabla ya intavyuu, hayo hakuna mtu anakuuliza. Shida inaanza ukigusa kitu ambacho utaingia nacho mlangoni. Chunusi ya leo itaisha, toa. Kovu la utotoni utakuja nalo, wacha. Rangi ya ngozi yako utakuja nayo, pua utakuja nayo, mwanya utakuja nao. Nikiediti kitu chochote najiuliza tu, huyu mtu akisimama mbele ya meza hiki kitu kitakuwepo au hakitakuwepo?

Na usidhani ni mambo ya kanuni tu. Nikiwa Nakuru, jamaa mmoja alikuja intavyuu asubuhi, karatasi ya majina na picha iko kwa geti na askari. Askari anaangalia karatasi, anaangalia mtu, anaangalia karatasi tena. "Huyu si wewe." Jamaa anatoa kitambulisho, jina ni lenyewe, lakini picha kwa karatasi ni ya mtu mweupe hivi, uso mwembamba, ngozi imelainishwa mpaka hata ndevu hazionekani vizuri. Alingojea hapo nje kama nusu saa mpaka nikaitwa nimtambue kwa namba ya simu. Akaingia na jasho kwa kola, na swali la kwanza la paneli halikuwa kuhusu kazi, lilikuwa kuhusu picha. Jamaa alikuwa na uzoefu mzuri kweli, lakini dakika tano za kwanza zote ziliishia hapo. Mimi bado naona makosa yalikuwa yetu pia, orodha ya geti haikuhitaji picha, lakini ndio hivyo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

Simu yoyote yenye kamera ya nyuma inayofanya kazi. Mtu wa kukushikia hiyo simu, hata mtoto wa jirani. Nguo ile ile utakayovaa kwa intavyuu au inayofanana nayo. Ukuta ambao si mweupe sana, nitaeleza kwa nini. Apu ya Snapseed, ni ya bure na haichapi nembo kwa picha yako. Na kitambulisho chako, hiki utakitumia mwishoni. Kama Snapseed yako ni ya toleo lingine vitufe vinaweza kuwa vimepangwa tofauti, tafuta tu majina nitakayotaja.

Hatua ya 1: Zima ile "Beauty" ya simu

Hapa ndipo watu wengi wanaediti bila kujua wameediti. Dada aliniambia, "Lakini hii sijaigusa kaka, imetoka tu hivi kwa simu." Nikaangalia, mashavu hayana hata kinyweleo, yanang'aa kama sahani ya melamini. Simu nyingi tunazonunua huku zinakuja na kulainisha ngozi kukiwa kumewashwa tayari, hasa kamera ya mbele. Fungua kamera, tafuta neno Beauty au kialama cha uso au cha kijiti chenye nyota, na urudishe kila kitu mpaka 0. Zingine zina vitu vitatu vinne ndani, ngozi, rangi, macho, umbo la uso, zima zote moja moja.

Utajuaje imezima? Piga picha moja, ikuze kwa vidole viwili mpaka uone pua na paji la uso. Ukiona vitundu vidogo vya ngozi na nywele za nyusi moja moja, iko sawa. Ukiona kitu laini tu kama uji, bado kuna filta mahali inafanya kazi.

Hatua ya 2: Piga upya, usijaribu kuokoa selfi

Najua una selfi unayoipenda. Wacha nikwambie shida yake. Selfi unapiga mkono ukiwa umenyooka, hiyo ni kama nusu mita kutoka usoni, na kwa umbali huo kitu kilicho karibu na kamera kinaonekana kikubwa kuliko kawaida, na kilicho karibu zaidi ni pua. Masikio yanaenda nyuma, pua inakuja mbele. Halafu mtu anakuja kwangu ananiambia nimpunguze pua. Pua yako haina shida! Mwambie mtu asimame mita moja na nusu au mbili, atumie kamera ya nyuma, na baadaye tutakata picha ibaki kichwa na mabega. Pua inarudi size yake bila kuediti chochote, na hilo ndilo lilikuwa swali la pili la dada, "naweza kupunguza pua kidogo?" Tulipopiga upya hakuuliza tena.

Mwanga: simama kwa veranda au chini ya mti, uso ukiangalia upande wenye mwanga, jua lenyewe lisikupige. Sisi tulipiga saa nne asubuhi, yeye akiwa ndani ya kivuli cha veranda, akiangalia barabara. Jua la saa saba linakupa vivuli vyeusi chini ya macho, na hakuna apu inatoa hivyo vizuri.

Sasa ukuta. Watu wanapenda ukuta mweupe kwa sababu ya picha za pasipoti, lakini kamera ya simu inapima mwanga wa picha yote kwa pamoja. Ikiona ukuta mweupe mwingi inafikiri kuna mwanga mwingi sana, inapunguza, na wewe mwenye ngozi nyeusi unatoka kama kivuli. Hapo ndipo mtu anaingia kwa apu kujiangaza, anavuta mpaka mwisho, na mwishowe anatoka rangi ya majivu au mweupe kabisa. Yaani shida ya rangi ya ngozi mara nyingi inaanza na ukuta. Tafuta ukuta wa kijivu, kijani iliyopoa, udongo, au hata pazia zito. Halafu kabla ya kupiga, gusa uso kwa skrini ili kamera ipime hapo, na kwa simu nyingi ukivuta kale kajua kanakotokea juu kidogo, uso unaangaza.

Piga picha 15 au 20. Ndio, zote hizo. Macho yanafunga, tabasamu linachelewa, na ni rahisi kuchagua kuliko kurekebisha.

Hatua ya 3: Tunza ya asili, kisha kata

Kama unamtumia mtu wa saiba au studio, usitume WhatsApp kama picha ya kawaida kwa sababu inabanwa na inapoteza maelezo. Itume kama "Document". Na ile ya asili usiifute hata ukimaliza, kuna siku utaihitaji.

Kwa Snapseed fungua picha, nenda Tools, chagua Crop, weka mraba. Acha nafasi kidogo juu ya kichwa, na chini ikate kifuani, mabega yaonekane. LinkedIn inaonyesha picha kwa duara, kwa hivyo pembe zote nne zitapotea, kama wigi au afro yako imegusa ukingo itakatwa.

Hatua ya 4: Mwanga na rangi, hapa ndipo kazi iko

Swali la tatu lilikuwa hili, na aliliandika kwa aibu kidogo: "Nikijiangaza tu kidogo ni mbaya? Wengine wote wameangaza."

Kuangaza picha na kubadilisha ngozi ni vitu viwili. Kuangaza ni kurudisha kile jicho liliona pale veranda na kamera ikashindwa kukiona. Kubadilisha ngozi ni kupita hapo. Mpaka unaonekana vizuri tu ukijua pa kuangalia, na nitakuonyesha.

Kwanza rangi. Ingia White Balance, chukua kile kijiti cha kuchagua rangi, ukiweke juu ya kitu ambacho unajua ni cheupe kweli, kwa huyu dada tulitumia kola ya blauzi. Usitumie ile ya otomatiki ukaondoka tu, ngozi zetu inaweza kuzifanya zikae kama zimepakwa jivu. Angalia viganja au shingo kama rangi inafanana na yako.

Halafu Tune Image. Kwake tuliweka hivi: Brightness +12, Shadows +20, Highlights -10. Saturation hatukugusa. Contrast hatukugusa. Basi. Picha yako itataka namba zake, lakini ukijiona umefika +40 kwa Brightness, rudi Hatua ya 2 upige tena, hiyo picha ilitoka vibaya tangu mwanzo.

Sasa pa kuangalia. Angalia blauzi nyeupe: mikunjo ya kitambaa bado inaonekana? Ikiwa imepotea na kola imekuwa doa moja jeupe, umepita. Angalia shingo na uso: zinafanana? Uso ukiwa mweupe kuliko shingo, mtu wa ajira anaona kabla hata hajasoma jina. Mwisho, simama dirishani, weka simu kando ya shavu, mwambie mtu aangalie zote mbili. Huyu dada alipimwa na mamake, na mama akasema "hapo ni wewe," tukaacha hapo hapo ingawa yeye alitaka tuongeze kidogo.

Na kama hofu yako ni kwamba rangi yako ndiyo itakunyima kazi, ujue Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007, kifungu cha 5, inamkataza mwajiri kumbagua mtu kwa rangi, na inataja hata mtu ambaye bado anaomba kazi. Sisemi hakuna anayevunja. Nasema tu ukijiangaza na ukaitwa, yule yule mbaguzi bado atakuona ukifika.

Hatua ya 5: Chunusi, makovu na meno

"Kaka hizi chunusi tatu kwa kidevu, na hili kovu la juu ya jicho?" Chunusi tukatoa, kovu tukaacha.

Kwa Snapseed ni Healing. Kuza picha kwanza mpaka chunusi iwe kubwa kwa skrini, kwa sababu ukigusa ikiwa ndogo brashi inachukua eneo kubwa na inanakili ngozi ya mbali, unapata kiraka. Gusa mara moja, angalia, kama imekosea rudisha nyuma uguse tena. Chunusi tatu zilituchukua dakika mbili. Kovu la juu ya jicho ni la tangu darasa la tatu, aligonga kona ya dawati, na watu wote wanaomjua wanalijua. Kulitoa hakumsaidii kitu, kunampa tu swali la kujibu.

Duara nyeusi chini ya macho unaweza kupunguza lakini usifute kabisa, kila mtu ana kivuli hapo, ukikifuta macho yanaonekana kama yamebandikwa. Meno ya njano kidogo wacha, hakuna mtu anapima meno kwa picha ya sentimita mbili. Mwanya usifunge. Mvi usipake kwa apu, kama unataka kuzipaka paka kichwani kweli kisha upige picha.

Kuna kifaa kinaitwa Portrait, kina Skin Smoothing ndani, na kingine kinaitwa Head Pose ambacho kinageuza kichwa, kinaongeza tabasamu, hadi kukuza mboni ya jicho. Head Pose usifungue kabisa. Portrait ukiifungua hakikisha Skin Smoothing iko 0 kabla hujakubali, inaweza kuwa imeanza na mpangilio wake kabla hujagusa kitu.

Mekapu je? Hilo pia aliuliza. Mekapu ya kweli usoni ni yako, vaa kama unavyovaa kazini. Mekapu ya apu usitumie. Na wigi au kusuka, hakuna shida kabisa, waajiri wa Kenya wanajua nywele za leo si za mwezi ujao.

Hatua ya 6: Ukuta wa nyuma na ile suti ya studio

Kubadilisha ukuta wa nyuma kunakubalika, hakuna anayedhani uliishi ndani ya ukuta wa kijivu. Lakini apu zinazokata mtu na kumtoa nyuma zinapata shida na nywele zetu. Afro na nywele zilizotoka kwa msuko zinakatwa kama zimenyolewa na panga, au kunabaki mstari mweupe kuzunguka kichwa. Ndio maana nakusukuma utafute ukuta mzuri tangu mwanzo, yetu hatukukata kitu, tulitoa tu msumari mmoja uliokuwa umetokea nyuma ya sikio.

Sasa suti. Wenzangu wa studio watanichukia lakini wacha niseme. Ile kazi ya kuchukua kichwa chako na kukibandika kwa suti nyeusi yenye tai nyekundu, tumeifanya miaka mingi, na mtu yeyote aliyewahi kupokea mafaili 50 ya kazi anaitambua akiwa mbali. Nikiwa Nakuru tulikuwa na watu watatu wa siku moja wamevaa suti ile ile, tai ile ile, hadi kasoro ya kola ni ile ile. Tuliicheka, na sijivunii hilo, lakini ndivyo ilikuwa.

Inaonekana namna hii: mwanga usoni unatoka kushoto, kivuli cha kola kinaonyesha mwanga unatoka kulia. Shingo ni rangi nyingine, au imekuwa fupi kuliko kawaida, au kichwa ni kikubwa kuliko mabega. Hata apu mpya zinazokuvalisha suti kwa sekunde kumi zinakosea hapo hapo kwa shingo na kola, na zaidi ya hapo zinabadilisha kidogo uso wenyewe bila kukuambia, taya linakuwa jembamba, macho yanasogea. Kama huna koti, vaa shati au blauzi safi iliyopigwa pasi. Au azima koti la rafiki kwa dakika kumi, hiyo haina mtu atakuuliza kwa sababu ilikuwa mwilini mwako kweli. Dada wetu alipiga na blauzi nyeupe ya shilingi 200 ya Kibuye, na imekaa vizuri kuliko suti zote nilizowahi kubandika.

Hatua ya 7: Pima na kitambulisho, kisha pakia

Weka kitambulisho chako kando ya simu. Mpe mtu ambaye hakujui vizuri, mimi humwita jamaa wa duka la jirani, muulize kama ni mtu mmoja. Kitambulisho chenyewe kinaweza kuwa cha zamani, kwa hivyo akisita muulize aangalie wewe mwenyewe na picha ya simu. Akisita tena hapo, rudi Hatua ya 4.

Hifadhi kwa "Save a copy" au "Export" ili ya asili ibaki. Kwa LinkedIn picha isiwe chini ya piksel 400 kwa 400 na isizidi MB 8, JPG au PNG. LinkedIn pia inataka picha iwe ya sura yako mwenyewe, na inaweza kuiondoa ikiwa si hivyo. Wale wa kazi za mtandaoni za Upwork muwe waangalifu zaidi, pale unaweza kuombwa uthibitishe kitambulisho na uso wako, na picha ya profaili ikiwa ya mtu mwingine kabisa unajitafutia matatizo na akaunti yenyewe.

Usichanganye hii yote na picha ya pasipoti au viza. Hizo usiguse hata chunusi. Viza ya Marekani kwa mfano hawataki picha iliyobadilishwa, na miwani walikataza tangu Novemba 2016.

Makosa ninayoyaona kila mara

La kwanza ni picha ya zamani. Aliuliza, "Nina moja nzuri ya 2021 kaka, nikiitumia?" Hiyo haujaiediti lakini matokeo ni yale yale, kama umeongeza kilo kumi na tano au umetoa ndevu mwajiri anakutana na mtu mwingine. Mwaka mmoja, miwili kama hujabadilika, zaidi ya hapo piga ingine.

La pili ni kuediti iliyoediti. Umepiga na filta, ukapitisha kwa apu ya pili, ukatuma WhatsApp, saiba wakaangaza tena. Kila mmoja ameongeza kidogo na hakuna aliyeona ya kwanza. Ukija kwangu na picha ya namna hiyo nakuambia tuanze upya, na watu wengine wanakasirika wanaenda kwa jirani.

La tatu ni kuweka picha kwa CV wakati tangazo halijaitisha. Kazi nyingi za ofisi huku hazihitaji picha kwa CV, iache LinkedIn. Risepsheni, hoteli na mauzo wengine wanaitisha, basi weka hapo, na iwe ile ile ya LinkedIn.

Ikiwa imekataa kukaa vizuri

Uso una rangi ya chungwa: ulipiga ndani chini ya balbu ya manjano. White Balance inasaidia kidogo, lakini kama kuna balbu na dirisha kwa wakati mmoja nusu ya uso itakuwa bluu na nusu chungwa, hapo toka nje upige tena.

Imekuwa na ukungu baada ya kupakia: ulipakia ile iliyopitia WhatsApp, au ulikata sana mpaka zikabaki piksel chache. Rudi kwa ya asili ukate upya. Kuongeza Sharpening haileti kilichopotea, inachora tu mistari migumu kwa nyusi.

Kwa simu yako uko sawa, kwa simu ya rafiki uko mweupe: skrini yako imewekwa mwanga wa chini au rangi za joto. Weka mwanga wa skrini katikati, zima ile ya kulinda macho usiku, ufungue tena. Ukiweza iangalie kwa kompyuta ya saiba, kwa sababu mtu wa ajira mara nyingi anaangalia kwa kompyuta.

Studio imekupa picha imelainishwa na suti juu: itisha ya asili. Ulilipia, ni sura yako, na kama bado haijafutwa kwa kamera wanaweza kukupa. Ikishafutwa hakuna cha kurudisha, ngozi iliyolainishwa haina maelezo yaliyofichwa mahali.

Picha iko sawa lakini unahisi hupendezi: hiyo nilimwambia dada alale nayo usiku mmoja. Tumezoea kujiona kwa kioo, na kwa kioo njia ya nywele iko upande ule mwingine. Kamera ya nyuma inakuonyesha kama wengine wanavyokuona, kwa hivyo lazima uhisi kuna kitu kimehama. Usigeuze picha kushoto kulia kujifurahisha, maandishi kwa beji au vifungo vya shati vitakuwa upande usio wake na kovu lako pia litahama jicho.

Swali lake la mwisho lilikuja asubuhi, akiwa tayari amepakia: "Na wakiniuliza kama nimeediti, niseme nini?" Nikamwambia aseme ukweli wenyewe, tumerekebisha mwanga, tumetoa chunusi tatu na msumari mmoja.